Kichwa Hakiniumi, Mbona Naambiwa Nina Kipandauso?

*Daktari, hujambo na pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 46. Tangu mwaka jana napatwa na kizunguzungu cha ajabu: sakafu hupanda na kushuka kama sitaha ya jahazi, na mara nyingine darasa zima huzunguka. Hali hiyo hudumu nusu saa, au hata kutwa nzima, na hunijia zaidi siku mbili tatu kabla ya hedhi. Wakati huo mwanga wa dirishani hunichoma macho, kelele za wanafunzi hazivumiliki na nataka kutapika, lakini kichwa chenyewe hakiumi, ila uzito kidogo kisogoni. Masikio yote mawili huvuma mara moja moja, ingawa nasikia vizuri. Hata siku ambazo siumwi, nikipita kati ya rafu za dukani au nikiperuzi simu, nahisi kuyumba.*

*Nimepimwa malaria, wingi wa damu, sukari, presha na picha ya shingo, na vyote ni vizuri. Kituo kimoja kilinipa sinarizini, nami naimeza kutwa mara tatu, mwezi wa nne sasa. Wiki iliyopita daktari mwingine aliniambia ni kipandauso, akaniandikia propranololi ambayo sijaanza. Kipandauso nakijua: nilikuwa nacho ujanani, upande mmoja wa kichwa ukigonga na kunitapisha, hadi nilipojifungua mtoto wa pili. Marehemu mama naye alikuwa akijifunga leso kichwani na kulala gizani. Hiki cha sasa hakifanani na kile kabisa. Nina pumu pia, hunibana wakati wa baridi. Je, daktari amekosea? Na je, nitafute fedha za kipimo cha MRI?*

*Mwalimu M.*

Mwalimu, nianze na lisilongoja: usiimeze hiyo propranololi. Ni dawa nzuri na ya siku nyingi ya kuzuia kipandauso, lakini kwa mwenye pumu inaweza kuzibana njia za hewa ghafla, hata kama pumu yenyewe imetulia kwa miezi kadhaa. Mgonjwa aliyekwenda kulalamikia kizunguzungu mara nyingi hakumbuki kutaja kifua chake, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni naye huweza kusahau kuuliza. Rudi kwake, mweleze habari ya pumu, naye atakubadilishia. Ila usirudi ukidhani kwamba amekosea katika ugonjwa wenyewe, kwa maana kwa jinsi ulivyojieleza naona ameupata.

Kinachokutatiza ni kwamba wengi wetu tumekizoea kipandauso kwa sura yake moja, ile ya maumivu makali ya upande mmoja. Maumivu hayo ni tawi tu. Shina lake ni ubongo ambao, kwa sababu za kurithi kwa kiasi kikubwa, hauzichuji vizuri taarifa unazoletewa na milango ya fahamu, hivyo mwanga wa kawaida huwa mkali, sauti ya kawaida huwa kelele, na mwendo wa kawaida huwa msukosuko. Ndani ya shina la ubongo, vituo vinavyopokea taarifa za mizani ya mwili kutoka sikio la ndani vina mawasiliano ya karibu na njia zinazopitisha maumivu ya kipandauso, na neva ileile inayoleta hisia za uso na za utando wa ubongo hupeleka matawi yake hadi kwenye mishipa ya damu ya sikio la ndani. Shambulio likizishika zaidi njia zinazoshughulikia maumivu, mtu huumwa kichwa. Likivishika vituo vinavyoshughulikia mizani, sakafu hucheza. Huo ndio mfano unaoafikiwa na wataalamu wengi kwa sasa, ingawa hatua zake zote hazijathibitishwa.

Na historia yako ni ya kawaida mno kwa ugonjwa huu. Mara nyingi mwanamke huanza na maumivu ya kichwa ujanani, yakapungua au kutoweka kwa miaka, kisha anapokaribia ukomo wa hedhi, homoni zinapoanza kupanda na kushuka bila mpangilio, kipandauso hurejea kwa mlango mwingine, kizunguzungu kikiwa mbele na kichwa kikiwa kizito tu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Leso ya marehemu mama yako na lile giza alilolikimbilia ni sehemu ya vielelezo vyako. Kwangu mimi vina uzito kuliko picha ya shingo.

Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu wala picha inayouthibitisha, hivyo utambuzi wake hutegemea masimulizi. Mwaka 2012 Jumuiya ya Bárány, ambayo ni ya wataalamu wa mizani ya mwili, pamoja na Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa, walikubaliana vigezo ambavyo madaktari huvitumia hadi leo. Kwanza, mgonjwa awe amepata angalau mashambulizi 5 ya kizunguzungu cha kutosha kumkwamisha katika shughuli zake, kila moja likidumu kati ya dakika 5 na saa 72. Pili, awe na kipandauso cha kawaida sasa au awe amewahi kuwa nacho. Tatu, angalau nusu ya mashambulizi hayo yaambatane na dalili za kipandauso: ama maumivu ya kichwa ya aina yake, ama kuchukizwa na mwanga na sauti kwa pamoja, ama vimulimuli na mistari ya mng'aro machoni. Zingatia hilo neno «ama». Maumivu ni njia mojawapo kati ya tatu, na wewe umepita kwa njia ya mwanga na sauti. Nne, pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi.

Hapo kwenye cha nne ndipo kazi ilipo. Watu huja wakisema wana kizunguzungu, na nyuma ya neno hilo moja hukaa mambo mengi: anayeona giza akiinuka ghafla kitandani kwa sababu presha imeshuka, aliyepungukiwa damu, mwenye hofu, na yule ambaye chembe ndogo za chokaa za sikio la ndani zimetoka mahali pake zikaingia kwenye mifereji ya mizani. Huyu wa mwisho ndiye anayefanana nawe zaidi, ila kizunguzungu chake hudumu sekunde, kwa kawaida chini ya dakika moja, na huja kila anapojigeuza kitandani, anapolala chali au anapotazama juu kuchukua kitu kabatini. Kumtambua hakuhitaji mashine. Daktari humketisha kitandani, humgeuza kichwa upande mmoja, humlaza haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, kisha humtazama macho: yakianza kuchezacheza na kuzunguka, kisha yakatulia baada ya sekunde chache, jibu limepatikana, na tiba ni kumgeuza kwa hatua maalumu palepale kitandani ili chembe zirudi. Waombe wakufanyie kipimo hicho, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja, na hili la chembe hutibika kwa dakika chache.

Ugonjwa wa pili wa kuutenga ni ule wa maji ya sikio la ndani kujaa kupita kiasi, unaoitwa ugonjwa wa Menieri. Nao huleta kizunguzungu cha dakika 20 hadi saa 12, lakini usikivu hupungua, kwa kawaida katika sikio moja, na sikio hilo huvuma na kuhisi limeziba. Mvumo wa masikio yote mawili bila kupungukiwa usikivu hauelekei huko. Hata hivyo kipimo cha usikivu, kile cha kuvaa vipokea sauti na kubonyeza kila usikiapo mlio, ni cha bei nafuu kikilinganishwa na MRI, na ndicho ningekulipia kwanza kama fedha zingekuwa zangu.

Kuhusu MRI, kwa mgonjwa wa kipandauso cha aina hii kwa kawaida hutoka safi, na majibu safi hayatakutibu. Kipimo hicho kina maana pale ambapo daktari ameona jambo la wasiwasi alipokuchunguza: mwendo wa kupepesuka usioisha hata shambulio likipita, usikivu wa sikio moja unaozidi kupungua, udhaifu wa kiungo, au macho yanayochezacheza kwa namna isiyoelekea kutoka sikioni. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, usiuze kitu wala usikope kwa ajili yake.

Lipo jambo moja lenye manufaa kwa daktari ambalo halina gharama. Siku utakayoshikwa, mwombe aliye karibu nawe akurekodi macho kwa simu, kwa karibu, kwa muda wa nusu dakika hivi, ukitazama mbele, kisha kushoto, kisha kulia. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wameshapoa, na daktari hubaki kuchunguza mtu mzima wa afya. Video hiyo humwonyesha kilichotokea.

Sasa turudi kwenye sinarizini. Dawa hii, kama promethazini na nyinginezo za jamii hiyo, huuzima kwa muda mfumo wa mizani na kutuliza kichefuchefu, hivyo inafaa siku ya shambulio, kwa siku moja hadi tatu. Kuimeza kila siku kwa miezi ni jambo jingine. Ubongo hujifunza kurekebisha mizani kwa kupokea taarifa za mwendo na kuzipatanisha. Ukiufunika kila siku kwa dawa ya kutuliza, hujinyima mazoezi, na huenda kule kuyumba kwako madukani kunachochewa kwa sehemu na hilo. Zaidi ya hayo, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuleta usingizi wa mchana, kuongezeka uzito, moyo kulemewa na huzuni, na kwa baadhi ya watu, hasa wenye umri mkubwa, kutetemeka mikono na mwendo mzito unaofanana na ule wa ugonjwa wa Parkinsoni. Mwambie daktari kwamba umeitumia miezi minne, ili akupangie namna ya kuipunguza hadi ibaki ya siku za shambulio peke yake.

Dawa ya kuzuia ni tofauti na ya kutuliza, na hutolewa mtu anaposhikwa mara kwa mara kiasi cha kuharibiwa kazi, kama wewe. Propranololi ikiondoka, daktari atakayekuwa mbele yako huenda akafikiria amitriptilini, ambayo inapatikana karibu kila mahali na ni ya bei ndogo. Huanzwa kwa kiasi cha chini, miligramu 10 usiku. Mahali ambapo vidonge vilivyopo ni vya miligramu 25 pekee, wengi huagiza nusu kidonge saa moja au mbili kabla ya kulala. Wiki za kwanza kinywa hukauka na asubuhi huwa nzito, kisha mwili huzoea. Ipo pia topiramati, na katika baadhi ya nchi flunarizini, lakini hiyo ya pili ni ndugu wa sinarizini na ina kasoro zilezile. Ukipewa valproati, uliza kwanza. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi hapaswi kuanzishiwa bila mazungumzo ya kina, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ni haki yako kujua kwamba ushahidi wa dawa hizi kwa kipandauso cha kizunguzungu ni mwembamba. Nyingi zimeazimwa kutoka kwenye tiba ya kipandauso cha maumivu. Utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha metoprololi, ambayo ni ya kundi moja na propranololi, na kidonge kisicho na dawa ndani, na makundi yote mawili yalipata nafuu bila tofauti ya wazi, ingawa watafiti hawakufikisha idadi ya wagonjwa waliyoikusudia. Kwa hiyo kwa kuikosa propranololi hujapoteza dawa ya uhakika. Dawa yoyote utakayoanza, ipe miezi miwili hadi mitatu katika kiasi kinachofaa kabla ya kuihukumu, na kipimo cha kufaulu kiwe mashambulizi kupungua angalau kwa nusu. Anayesubiri yaishe kabisa ndani ya wiki mbili huacha dawa mapema, akahama kituo, akaanza upya na kingine.

Bila kumbukumbu ya maandishi hutajua kama yamepungua. Tenga daftari dogo, na kila shambulio liwe na mstari wake, kwa mfano: «Jumanne, saa 2 asubuhi, sakafu iliyumba dakika 40, mwanga ndiyo, kelele ndiyo, kutapika hapana, kichwa 2 kati ya 10, siku mbili kabla ya hedhi, jana nililala saa 7 usiku nikisahihisha mitihani, asubuhi sikunywa chai.» Baada ya miezi miwili mistari hiyo itamwonyesha daktari kama kile kigezo cha nusu ya mashambulizi kimetimia, nawe utaona vichocheo vyako mwenyewe. Kwa kawaida ni usingizi wa mapengo, kuruka mlo, kukosa maji, na hedhi, na mara nyingi viwili vikikutana ndipo shambulio linapozuka. Hedhi huwezi kuihamisha, lakini katika zile siku mbili tatu unaweza kuhakikisha kwamba hukeshi na hufundishi vipindi vinne ukiwa na njaa. Kama unafunga Ramadhani, usiache daku, na zungumza na daktari mapema kuhusu saa za dawa. Orodha ndefu za vyakula vya kuacha, zile zinazosambazwa kwenye simu, sizipendekezi. Acha kile tu ambacho daftari lako limekitaja zaidi ya mara moja.

Siku ya shambulio lenyewe, lala mahali penye giza na ukimya, meza dawa ya kichefuchefu mapema kabla hujaanza kutapika, na kunywa maji kwa mafundo madogo. Usipande bodaboda, usipande kiti kubandika chati ukutani, na usifunge mlango wa bafu kwa komeo. Ukihitaji ya maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwako, kwa kuwa ibuprofeni na aspirini huchochea pumu kwa baadhi ya watu. Nayo isizidi siku mbili tatu kwa wiki, maana dawa za maumivu zikitumiwa mara kwa mara humzidishia kipandauso yule aliyezimeza kukituliza.

Kuna dalili ambazo hazingoji daftari. Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kukoroga, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kabisa kuketi au kusimama bila kushikwa, sikio kuziba ghafla lisisikie, au maumivu ya kichwa ya ghafla makali kuliko yote uliyowahi kupata, nenda hospitali saa ileile, kwa maana huenda huo si kipandauso bali kiharusi au jambo jingine la dharura. Usikubali mtu akwambie ulale kwanza uone asubuhi kutakuchaje kwa sababu «unajulikana una kizunguzungu».

Kule kuyumba kwa siku za kawaida, kwenye rafu na kwenye simu, kunatokana na ubongo kuyategemea mno macho katika kujua mwili umesimamaje, na dawa peke yake huenda isikuondoe. Hapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo husaidia, hasa mashambulizi yakishapungua. Zoezi la kwanza unaweza kulianza nyumbani, ukiwa umeketi: nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya uso, kitazame bila kukiachia, kisha geuza kichwa kushoto na kulia taratibu huku kucha ikibaki inaonekana vizuri. Fanya kwa nusu dakika mara mbili kwa siku, uongeze hadi dakika moja kadiri unavyozoea. Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi ni dalili kwamba umegusa panapostahili, mradi kiishe ndani ya dakika chache. Kikikaa saa nzima, umezidisha kasi, ipunguze. Siku ya shambulio usilifanye kabisa.

Darasani, hadi dawa itakaposhika, andika ubaoni ukiwa umesimama kwa upande badala ya kugeuka mzima kila mstari, na mwombe mwalimu mkuu akupangie vipindi visivyofuatana katika zile siku zako za mwezi. Utakaporudi kwa daktari, nenda na daftari, video ya macho, pakiti ya sinarizini, na kifaa chako cha kuvutia dawa ya pumu, ukiweke mezani kabla hujaanza kueleza.